Kiinua Mgongo Kimeingia: Ulipe Madeni au Ubaki na Fedha?

Mtu aliyepunguzwa kazini akishapokea mafao, wazo la kwanza linalomjia ni kumaliza madeni. Anataka alale usingizi bila kudaiwa na mtu. Ni hamu ya kiungwana, lakini kwa asiye na mshahara ina kasoro moja: fedha uliyoirudisha benki leo huwezi kuikopa tena mwezi ujao. Ule mkopo ulipewa kwa sababu ya hati ya mshahara, na hati hiyo haipo tena. Ukilipa deni lote kisha mtoto akaugua, utakayemkimbilia si benki bali mkopeshaji wa kausha damu.

Hivyo swali la deni gani lina riba kubwa halitoshi. Jiulize pia ni deni gani ukilimaliza litakupunguzia matumizi ya mwezi kwa fedha ndogo, na ni lipi litameza akiba yako yote bila kukupunguzia kitu kikubwa. Ili hesabu isielee hewani, nitatumia mfano mmoja wa kutunga, ingawa madeni yake wengi watayatambua. Ni fundi mitambo wa kiwanda Dar es Salaam, mwenye mke na watoto wawili, anapanga Tabata. Amefanya kazi miaka 8 kamili na mshahara wake wa msingi ni shilingi 1,040,000 kwa mwezi.

Hatua ya 1: Dai karatasi ya hesabu kabla ya kusaini

Usikubali kuambiwa jumla tu. Omba mchanganuo wa maandishi, kila stahiki kwa mstari wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kiinua mgongo kuwa angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, mshahara wa siku hupatikana kwa kugawa wa mwezi kwa 26. Fundi wetu anapata 40,000 kwa siku, hivyo siku 7 kwa miaka 8 ni 2,240,000.

Wengi hushtuka hapo, kwa kuwa walitegemea kiinua mgongo kiwe mlima. Kinachojaza mfuko mara nyingi ni vingine: malipo ya notisi, likizo ambayo hukuichukua, na nyongeza ambayo chama cha wafanyakazi kimeipigania mezani. Tuseme fundi amepata notisi ya mwezi mmoja 1,040,000, likizo ya nusu mwaka 520,000, na nyongeza ya mishahara mitatu, yaani 3,120,000. Jumla ni 6,920,000. Hiyo si fedha ya mkononi, maana malipo ya kuachishwa kazi nayo ni kipato cha ajira na hukatwa kodi ya mshahara, PAYE. Yakikatwa yote kwa mwezi mmoja, sehemu kubwa huangukia kiwango cha juu cha asilimia 30. Kitakachoingia benki ni kama 5,000,000, na ndiyo tutakayoipangia.

Angalia pia makato mengine kwenye karatasi hiyo. Mwajiri hana ruhusa ya kukata deni bila sheria au makubaliano ya maandishi, lakini huenda siku ulipochukua mkopo ulisaini idhini ya kukatwa mafao ukiacha kazi. Iulizie mapema. Na kama unaona kuachishwa kwenyewe hakukuwa halali, kumbuka kwamba kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kuna ukomo wa siku 30. Kabla ya kusaini hati inayosema umelipwa stahiki zako zote na huna dai lingine, mpe mtu wa chama aisome.

Hatua ya 2: Linda akaunti kabla fedha hazijaingia

Hatua hii watu huiruka, na hapo ndipo fedha hupotea ndani ya saa chache. Wakopeshaji wengi wa mtaani hushikilia kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia wanatoa chao. Sasa fikiria mwisho wa mwezi huu hauingii mshahara bali milioni 5, na kadi iko kwa mtu mwingine. Nenda tawini na kitambulisho, funga kadi ile, omba mpya na weka namba ya siri mpya. Mkopeshaji utamlipa, tena kwa haraka, ila utamlipa wewe kwa mkono wako na utadai karatasi ya kwamba amelipwa.

Benki nayo iangalie. Kama akaunti ya mshahara iko kwenye benki ile ile iliyokukopesha, mkataba wako unaweza kuwa na kifungu kinachoiruhusu kuchukua chake kwenye akaunti yako rejesho likichelewa. Kitafute. Kama kipo, hamishia akiba benki nyingine, na pale acha kila mwezi kiasi cha rejesho tu. Hapo hufichi mali wala hukwepi deni. Unahakikisha tu kwamba wewe ndiye unayepanga siku ya kulipa.

Kwenye simu mambo ni mepesi zaidi. Huduma kama Songesha hukata chake fedha yoyote inapoingia. Fundi anadaiwa humo 40,000, na kwa kuwa hazikwepeki, azihesabu zimeshaondoka.

Hatua ya 3: Andika mwezi mwembamba

Mwezi mwembamba ni mwezi ambao familia inakula, inalala ndani na watoto wanakwenda shule, basi. Wa fundi uko hivi: kodi ya nyumba 150,000, chakula 280,000, umeme wa LUKU, maji na gesi 60,000, nauli na bando la kutafutia kazi 50,000, mahitaji ya shule 40,000, na 20,000 anayomtumia mama yake kijijini. Jumla ni 600,000.

Utasema ya kijijini ingeondolewa. Iondoe ukiweza. Uzoefu ni kwamba asiyeiandika huitoa vilevile, halafu hesabu nzima inakosewa.

Jihadhari na kodi ya nyumba. Kwenye karatasi ni 150,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na ya fundi inaisha baada ya miezi miwili. Kwa hiyo kuna 900,000 itakayotoka kwa siku moja. Mpango wowote wa kulipa madeni usioiona siku hiyo utavunjika siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa ada ya Januari kwa mwenye watoto shule za binafsi, na kwa bima ya afya, ambayo hukoma mwajiri akiacha kuchangia.

Hatua ya 4: Pima kila deni kwa mzigo litakaokutua

Sasa orodhesha madeni. Kwa kila moja andika mambo matatu: kiasi cha kulimaliza leo, rejesho la mwezi, na itakuwaje ukichelewa. Fundi wetu ana haya:

Kausha damu: alichukua 500,000, anatakiwa kurudisha 600,000, na kila mwezi unaopita bila kumaliza anaongezewa 100,000.
SACCOS ya kazini: amebakiza 900,000, rejesho ni 100,000 kwa mwezi.
Benki: amebakiza 3,800,000 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka inayopungua kadiri anavyolipa, rejesho 210,000, miezi 21 imebaki.
Duka la Mangi: 60,000 kwenye daftari.

Gawa kiasi cha kumaliza deni kwa rejesho lake la mwezi. Kwa kausha damu unatoa 600,000 ili kuondoa mzigo wa 100,000 kila mwezi. Fedha yako imejirudisha kwa miezi sita. SACCOS ni miezi tisa. Kwa benki unatoa 3,800,000 ili kuondoa 210,000, yaani miezi kumi na nane. Deni lenye namba ndogo ndilo la kulipwa kwanza, kwa sababu kila shilingi unayoweka hapo inakurudishia pumzi haraka zaidi.

Kipimo hiki kinafichua jambo lingine. Deni la benki halipungui mzigo ukilipa nusu. Ukipeleka milioni 2 na kuacha 1,800,000, benki nyingi zitafupisha muda wa mkopo na kuacha rejesho palepale 210,000, isipokuwa umeomba mkataba upangwe upya. Mwezi ujao utadaiwa kiasi kile kile, na milioni 2 huna. Kulipa nusu ya mkopo wa benki wakati huna kazi ni kosa ghali kuliko yote niliyoyaona kwenye jambo hili, na linafanywa na watu makini, wale wasiopenda kudaiwa.

Basi fundi analipa kausha damu 600,000 na Songesha 40,000. Deni la Mangi halina riba, na kwa kipimo hiki lingekaa mwisho. Mimi ningelilipa siku hiyo hiyo. Daftari la Mangi ndilo mkopo pekee utakaobaki wazi kwako mwezi wa tano bila hati ya mshahara: unga, mafuta na sabuni kwa neno la mdomo tu. Linatunzwa kwa kulipwa. Fundi akilipa 60,000 leo, amenunua imani ya kukopeshwa tena. Jumla ya yaliyotoka ni 700,000, mkononi kuna 4,300,000.

Hatua ya 5: Maliza deni la SACCOS kwa akiba yako iliyomo humo

Fundi anadaiwa na SACCOS 900,000, lakini amesahau kwamba ana akiba ya 1,300,000 humo humo. SACCOS ya kazini mara nyingi inahusu walio kazini tu, na anayeondoka anaruhusiwa kujitoa. Aandike barua ya kujitoa akiomba deni lifutwe kwa akiba na salio arudishiwe. Rejesho la 100,000 litatoweka bila kugusa hata senti ya kiinua mgongo, na 400,000 zitarudi kwake. Wadhamini, ambao ni wenzake waliobaki kiwandani, wataachiwa nao. Hilo si dogo, maana asipolipa wao ndio watakaokatwa.

Mambo mawili ya kuuliza dirishani. La kwanza, kujitoa kunahitaji notisi ya muda gani kwa mujibu wa masharti yao, na je, riba itaendelea kuhesabiwa mpaka notisi iishe? La pili, kipi ni akiba na kipi ni hisa? Akiba inarudishwa. Hisa kwa kawaida hazirudishwi hivi hivi, bali huhamishiwa mwanachama mwingine. Usizihesabu kwenye zile 400,000.

Hatua ya 6: Nenda benki ukiwa hujachelewa rejesho hata moja

Sasa tufanye hesabu ya ule mkopo mkubwa. Fundi akiumaliza wote, kwenye 4,300,000 atabaki na 500,000. Ongeza 400,000 za SACCOS, ni 900,000: mwezi mmoja na nusu wa mwezi mwembamba. Na tukumbuke kwamba mwezi wa pili mwenye nyumba anataka 900,000. Mtu huyu hana deni, na hana pa kulala.

Akiuacha mkopo, matumizi yake ni 600,000 na rejesho 210,000, jumla 810,000 kwa mwezi. Akiwa na 4,700,000 anakwenda karibu miezi sita. Gharama ya kuuacha ni nini? Asilimia 17 ya 3,800,000 kwa mwaka, ukigawa kwa miezi kumi na miwili, ni kama 54,000 kwa mwezi wa kwanza, na inapungua kila akilipa. Hiyo ndiyo bei ya kukaa na fedha mkononi. Linganisha na 100,000 za kausha damu kwa mkopo wa laki tano, ambako angeishia fedha ikimwishia, na utaona 54,000 ni bei ya haki.

Bado anaweza kuipunguza. Kwanza auombe mkataba wa bima ya mkopo. Karibu kila mkopo wa mfanyakazi una bima, na wengi wanajua inalipa mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Baadhi ya bima hizo zinagusa pia kupunguzwa kazini, na hulipa rejesho kwa miezi kadhaa. Mara nyingi kuna muda maalumu wa kutoa taarifa, kwa hiyo barua ya kuachishwa kazi ifike benki wiki ile ile. Ulizia hata kama afisa atatikisa kichwa. Omba akuonyeshe kifungu.

Kama bima haihusiki, omba kupangiwa upya rejesho. Maneno ya kusema ni mepesi: “Dada, nimepunguzwa kazini tarehe fulani, barua hii hapa. Sijachelewa rejesho hata moja na sitaki kuchelewa. Naomba muda wa mkopo uongezwe hadi miezi 36 ili niweze kuendelea kulipa.” Kwa riba ile ile, rejesho litashuka kutoka 210,000 hadi kama 135,000. Riba ya jumla itaongezeka kwa takriban 455,000 kama ataumaliza kwa miezi yote 36, na hilo aliandike asije akalisahau. Lakini mzigo wa mwezi sasa ni 735,000, na akiba inampeleka miezi sita na zaidi kidogo. Omba ufafanuzi wa maandishi kuhusu ada ya kupanga upya, na kama kuna faini ya kulipa mapema siku utakapokuwa na uwezo. Ada ikiwa kubwa, achana nayo, endelea na 210,000.

Benki humsikiliza anayekuja akiwa safi. Akishachelewa miezi miwili, jina lake limeshaingia kwenye taarifa za wakopaji na mazungumzo yanahamia kwa watu wa kudai.

Mwenye mkopo wa elimu ya juu hana haja ya kuukimbilia. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo deni la HESLB halikui kama la benki. Wajulishe tu kwamba huna mwajiri.

Hatua ya 7: Omba fao la NSSF, lakini usilile kabla halijafika

Mwanachama wa NSSF aliyechangia angalau miezi 18 na akapoteza kazi bila kuacha mwenyewe anaweza kuomba fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwa fundi ni kama 346,000 kwa mwezi. Likifika, akiba yake ya miezi sita inavuka miezi minane hivi. Peleka maombi mapema, maana mwajiri aliyechelewesha michango huchelewesha na faili lako. Lakini mpaka ujumbe wa benki uingie kwenye simu, mpango wote uendeshe kana kwamba fao hilo halipo.

Hatua ya 8: Weka akiba mahali panapofunguka

Mwezi mmoja ukae kwenye akaunti ya kawaida. Kodi ya nyumba, zile 900,000, itenge peke yake isichanganyike na za mboga. Zilizobaki zinaweza kwenda Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambako unaweza kuuza vipande na kupata fedha ndani ya siku chache za kazi, au zibaki benki, ambako Bodi ya Bima ya Amana inakinga hadi shilingi 7,500,000 za mwenye amana endapo benki itafilisika. Akaunti ya muda maalumu ya mwaka mzima iache, hata riba yake ikikuvutia. Bodaboda ya kumpa kijana akuletee hesabu nayo iache kwa sasa. Inaweza kuwa biashara nzuri, lakini ikigonga wiki ya pili hutaila kama akiba.

Ndugu watajua fedha zimeingia. Hizi habari hazifichiki. Jibu linalosaidia ni la kweli: zimeshagawanywa kwa miezi, na mwezi huu sehemu ya kusaidia ni ile 20,000.

Lini sasa benki ilipwe?

Fundi akipata kazi, asiende benki siku ya mshahara wa kwanza. Asubiri amalize kipindi cha majaribio, kisha ahesabu akiba iliyobaki. Inayozidi miezi mitatu ya matumizi ndiyo aipeleke kwenye mkopo, na aandike barua kuchagua kati ya kufupisha muda na kushusha rejesho. Mwenye kazi ya uhakika achague kufupisha muda, ndiko riba inakookolewa. Akiba ikishuka hadi miezi mitatu na kazi haijapatikana, arudi kwenye karatasi ya mwezi mwembamba aikate tena, hata kwa kuhama chumba, badala ya kusubiri mwezi wa mwisho.

Na kama fedha yako si kiinua mgongo bali ni bonasi, na Jumatatu unarudi kazini kama kawaida, mpangilio unageuka. Rejesho linakatwa kwenye mshahara na benki itakukopesha tena ukikwama, kwa hiyo huhitaji akiba ya miezi sita kabla ya kugusa deni. Ukipata bonasi ya 2,000,000 baada ya kodi, maliza kausha damu na simu kwanza, tenga mwezi mmoja mwembamba wa 600,000, na zilizobaki, kama 760,000, zipeleke zote kwenye mkopo wa benki kwa maelekezo ya kufupisha muda. Isipokuwa kama kiwandani kuna minong'ono ya kupunguza watu. Hapo bonasi ihesabu kuwa kiinua mgongo kilichotangulia, na uiweke.